Jioni tatu za katikati ya wiki: shajara ya kuandika barua ya mpango wa miezi mitatu

Jumatatu

Kikao cha kwanza na mwenye mgahawa kimekwisha. Anataka barua ya mapendekezo: miezi mitatu, mitandao ya kijamii, na mwisho wake awe na wafuasi elfu kumi. Hiyo namba ameisikia kwa mwenzake mwenye biashara kama yake, na huyo mwenzake nina hakika aliisikia kwa mtu mwingine. Sikumbishia. Nilimuuliza tu ni saa zipi za wiki wahudumu wake wanasimama ukutani hawana la kufanya. Hakufikiri hata kidogo.

"Jumanne, Jumatano, Alhamisi, jioni. Mchana najaa. Ijumaa na Jumamosi nawarudisha watu mlangoni. Hizo jioni tatu ndizo zinazonila."

Basi barua imeshapata mada yake. Wafuasi elfu kumi hawasaidii mgahawa ambao Ijumaa tayari umejaa, na wengi wa wafuasi hao wanaweza kuwa wanaishi mbali kiasi kwamba hawatakuja kula Jumatano hata siku moja. Nimemwomba bili za wiki nne zilizopita, zote, zikiwa na tarehe na saa. Ameshangaa kidogo, maana alidhani nitamwomba nywila ya Instagram.

Jumanne

Bili zimefika kwenye mfuko, zimefungwa kwa mipira siku kwa siku. Wahudumu wa pale wana tabia nzuri ya kuandika idadi ya vichwa kwenye kona ya bili. Pale walipopitiwa nimehesabu sahani kuu, ambayo si hesabu kamili lakini haikosei sana.

Mgahawa una viti 40. Ijumaa jioni unapata wastani wa vichwa 52, maana yake baadhi ya meza zinakaliwa mara mbili usiku mmoja. Jioni 12 za Jumanne hadi Alhamisi zimetoa wastani wa vichwa 14. Jioni mbaya kuliko zote ilikuwa na vichwa 8, na nzuri kuliko zote 21.

Huo mtawanyiko wa 8 hadi 21 unanihusu kuliko wastani wenyewe. Jioni moja yenye watu 20 imeshatokea bila mimi, bila tangazo, bila video yoyote. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa mpango ukitoa wastani wa 16, hakuna mtu mwaminifu anayeweza kusema ni kazi ya mpango. Jioni 12 ni chache mno kuthibitisha ongezeko la watu wawili. Ikifika 22, hapo tunaweza kuzungumza. Nimeamua kuliweka hili ndani ya barua mapema, kabla hajaanza kunipigia simu kila Jumatano usiku kuniuliza mbona leo ni kumi tu.

Mwanzo wa barua kwa sasa unasomeka hivi:

> Kuh: Mpango wa mitandao ya kijamii wa miezi mitatu
>
> Mama, nashukuru kwa bili ulizonipa. Zimenionyesha kwamba mgahawa wako hauna shida ya kujulikana, kwa kuwa mchana na mwisho wa wiki watu wanakuja wenyewe. Shida ni jioni tatu: Jumanne, Jumatano na Alhamisi, ambazo kwa wastani zina wateja 14 kwenye viti 40. Mpango ninaoupendekeza unalenga jioni hizo tu. Sitapima kazi yangu kwa wafuasi wala kwa waliopenda picha. Nitaipima kwa idadi ya watu waliokaa mezani jioni hizo, kama inavyoonekana kwenye bili zako mwenyewe.
>
> Naomba tukubaliane jambo moja mapema. Jioni moja ikijaa au ikiwa tupu haituambii kitu. Tutatazama wastani wa mwezi mzima.

Jumatano

Leo ni lengo na pesa. Lengo halitoki hewani, linatoka jikoni, kwa hiyo nilipita jana usiku kuzungumza na mpishi. Jioni za katikati ya wiki yuko yeye na msaidizi mmoja. Anasema hadi wateja 24 sahani zinatoka ndani ya nusu saa. Wakizidi hapo, zinaanza kuchelewa, na akiongezewa msaidizi wa pili gharama inapanda. Ukimjazia watu 35 Jumatano ya kwanza, utapata meza zinazosubiri dakika hamsini na maoni ya nyota mbili kwenye Google yatakayokaa pale miaka. Lengo la mwezi wa tatu nimeliweka vichwa 22. Linaacha nafasi kidogo kwa jioni zinazopanda juu ya wastani.

Kutoka 14 hadi 22 ni watu wanane zaidi kwa jioni. Mara jioni 12 za mwezi, ni watu 96.

Upande wa pesa nimeamua kutumia kipimo ambacho mama anakielewa bila kikokotoo: bili ya wastani ya mtu mmoja. Nimegawa mauzo ya jioni kwa vichwa, nikapata hiyo bili, na kila gharama nimeiandika kama idadi ya bili. Kwa hesabu zake, malighafi inakula asilimia 40 ya bili, kwa hiyo kila mgeni wa ziada anaacha asilimia 60. Kodi ya jengo na mishahara ya jioni hizo zinalipwa hata viti vikiwa vitupu, ndiyo maana siziingizi hapa.

Sasa hesabu yenyewe. Tukichukulia ongezeko la watu wawili mwezi wa kwanza, watano wa pili na wanane wa tatu, tunapata wageni wa ziada 24, 60 na 96, jumla 180. Asilimia 60 ya hizo ni bili 108. Gharama ya mpango kwa mwezi ni bili 48: ada yangu 30, matangazo pamoja na zawadi za meza 12, picha na video 6. Kwa miezi mitatu ni bili 144.

Yaani mpango unamaliza miezi mitatu ukiwa na upungufu wa bili 36. Washauri wengi hapa huanza kunyoosha namba za ongezeko mpaka faida itokee kwenye karatasi. Mimi naona afadhali mteja aione shimo kabla hajaingia. Kuanzia mwezi wa nne hanihitaji tena kwa ada hiyo. Keshia wake ataendesha mambo kwa gharama ya bili 18 hivi, na kama vichwa 22 vinashikilia, mwezi huo unamwachia bili 57 na nukta, ukitoa 18 zinabaki karibu 40. Upungufu unafutika mwezi huohuo wa nne.

> Kwa makisio haya, pesa yako hairudi yote ndani ya miezi mitatu. Inarudi mwishoni mwa mwezi wa nne, ikiwa wateja walioongezeka wanaendelea kuja. Ukiwa huna uwezo wa kubeba pengo hilo la bili 36 kwa sasa, nakushauri tusianze mpaka upate nafasi. Kuanza na kukatisha mwezi wa pili ni kulipa sehemu ya gharama iliyo kubwa na kuacha sehemu ya mavuno.

Alhamisi

Kapiga simu asubuhi. Ana wazo: Jumanne nusu bei, tutangaze, watu watafurika. Wazo hili huja kwa kila mwenye mgahawa, na haliondoki kwa maneno, linaondoka kwa hesabu.

Nikamwambia achukue bili ya 100. Malighafi 40, inabaki 60. Akiuza nusu bei anapokea 50, malighafi bado ni 40, inabaki 10. Wageni 14 wa kawaida walikuwa wanamwachia 840 kwa jioni. Kwa nusu bei, ili apate 840 hiyohiyo, anahitaji wageni 84. Viti ni 40, na mpishi anaelemewa wakizidi 24.

Kimya kidogo kwenye simu. "Mwanangu, kwa hiyo mwaka jana ile nusu bei niliwalipa watu waje kula?" Sikujibu moja kwa moja. Nilimwambia wale 14 ambao wangekuja hata bila punguzo nao walipunguziwa, na hapo ndipo pesa nyingi ilipopotelea.

Badala yake nimependekeza zawadi ya meza: kundi la watu wanne au zaidi wanaoweka meza kwa ujumbe siku hizo tatu wanaletewa kitu kimoja cha kushirikiana, kitu ambacho jikoni kinagharimu takriban moja ya tano ya bili ya mtu mmoja. Bei ya menyu haiguswi. Meza ya wanne ndiyo ninayoitaka, kwa sababu mtu mmoja akishawishika anakuja na watatu. Vilevile sharti la kuweka meza kwa ujumbe linanipa namna ya kuhesabu. Hata wageni wote 96 wakija kwa makundi ya wanne, ni zawadi 24, sawa na bili tano kasoro kidogo, na hizo zimo ndani ya zile 12.

Ijumaa

Nilipokuwa natafuta picha za zamani za mgahawa nimegundua kwamba kwenye Ramani za Google saa za kufunga zimeandikwa saa kumi na mbili jioni, kila siku. Labda ziliwekwa enzi mgahawa ukiwa wa mchana tu. Mtu anayetafuta pa kula saa moja usiku anaona neno "Imefungwa" kwa rangi nyekundu na kuendelea na safari yake. Hakuna video itakayoshinda neno hilo.

Nimemwambia arekebishe leo, asisubiri mkataba. Najua hili linachafua kipimo changu, kwa sababu sehemu ya ongezeko itatoka kwenye marekebisho haya. Nimeandika tarehe ya marekebisho ndani ya barua ili tukijadili matokeo mbele ya safari, tuikumbuke. Kumwacha mteja apoteze wateja wiki mbili ili takwimu zangu zibaki safi si jambo la kufanya.

Sasa maudhui. Hapa barua inakuwa fupi kuliko mteja alivyotarajia: posti tatu kwa wiki, basi. Jumapili jioni, Jumatatu jioni, na Jumatano mchana. Mlo wa jioni wa katikati ya wiki watu hawaupangi siku kumi kabla. Wengi huamua siku hiyohiyo au jana yake. Kwa hiyo posti zinatangulia siku lengwa, na hadithi za saa 24 zinawekwa siku yenyewe kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, wakati mtu yuko kazini anajiuliza usiku huu itakuwaje.

Kuhusu cha kupiga picha, nimeandika aya moja ambayo nadhani ina uzito kuliko zote:

> Picha ulizonazo ni za sahani zikiwa peke yake, zimepigwa kutoka juu, mchana. Ni nzuri, lakini hazijibu maswali ya mtu anayefikiria kuja Jumatano usiku. Yeye anataka kujua: saa moja na nusu pale panafananaje? Kuna mwanga? Kuna kelele? Nikija na wazazi au na wenzangu wa kazini tutakaa wapi? Sahani moja inatosha watu wangapi? Nitaegesha wapi? Napendekeza kila video ijibu swali moja tu kati ya hayo, isizidi sekunde ishirini, ipigwe wima, na ipigwe jioni kwa mwanga wa taa zako mwenyewe.

Tumepanga siku moja ya kupiga kila mwezi, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Siku moja ya namna hiyo inatoa video kumi hadi kumi na mbili kama orodha ya maswali imeandaliwa kabla. Ukienda bila orodha unarudi na video arobaini za mvuke unaopanda kutoka kwenye sahani.

Wageni wanaoonekana usoni wanaulizwa kwanza. Na muziki: akaunti ya biashara kwenye Instagram hairuhusiwi kutumia nyimbo zote ambazo akaunti binafsi inaziona. Tutatumia sauti za pale pale, vyombo, mazungumzo ya mbali, au muziki ulioruhusiwa kwa biashara.

Jumatatu

Matangazo ya kulipia. Mama alikuwa akibonyeza kitufe cha `Boost post` kila posti ikipendwa, pesa kidogo kidogo. Nimefungua historia: matangazo hayo yalisambazwa nchi nzima, kwa sababu hakuna aliyegusa sehemu ya eneo. Mtu aliye mbali saa sita kwa basi alipenda picha, na mfumo ukahesabu hilo kuwa mafanikio.

Ninachopendekeza ni tangazo moja, lenye video mbili tu za kulinganisha, eneo la kilomita nne kuzunguka mgahawa, na lengo likiwa ni kupata ujumbe, si kupendwa. Sababu ya kutogawanya zaidi ni fungu lenyewe. Meta wanaeleza kwamba kundi la matangazo linahitaji takriban matokeo 50 kwa wiki ili mfumo wao utulie na kujua wa kumwonyesha. Fungu letu halifiki huko hata likiwa zima. Likikatwa vipande vitano, kila kipande kitakuwa kinabahatisha mpaka mwezi uishe.

Kisha kipimo. Hapa nimetumia muda mwingi, maana barua nyingi za aina hii zinaahidi "ripoti ya kila mwezi" bila kusema namba zitatoka wapi. Njia ya kwanza ni viungo vya WhatsApp. Kiungo cha `wa.me` kinaweza kubeba ujumbe ulioandikwa tayari, kwa hiyo kila mahali tunaweka kiungo chenye alama yake:

```
https://wa.me/NAMBA?text=Naomba%20meza%20ya%20jioni%20(A)
https://wa.me/NAMBA?text=Naomba%20meza%20ya%20jioni%20(B)
```

A inawekwa kwenye wasifu wa Instagram, B kwenye ukurasa wa Google. Kwenye tangazo, ujumbe wa kuanzia unaandikwa ndani ya tangazo lenyewe, ukiwa na alama C. Namba inaandikwa kwa msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri za mwanzo, vinginevyo kiungo hakifunguki. Mteja akibonyeza, ujumbe unajitokeza wenyewe ukiwa na herufi mwishoni, na keshia anaweka lebo ya herufi hiyo kwenye WhatsApp Business. Wapo watakaofuta maneno yale na kuandika yao, na wapo watakaoona video kisha waje bila kuandika chochote. Kwa hiyo namba hii ni ya chini kabisa, si namba yote.

Kwa wanaokuja bila ujumbe kuna njia ya pili: mhudumu anauliza anapoleta menyu, "Mmetufahamu vipi?" na kuandika herufi moja chini ya idadi ya vichwa. M ni mtandaoni, R ni rafiki, P ni mpita njia, Z ni mteja wa zamani. Najua namna jambo hili linavyoharibika. Wiki ya kwanza wanauliza, wiki ya tatu wanaandika Z kwa kila meza ili wamalize. Utajua ukizipanga bili kwa jina la mhudumu: mmoja akiwa na Z tupu na mwenzake wa zamu hiyohiyo ana mchanganyiko, huyo wa kwanza hakuuliza. Bili zake za wiki hiyo zinaachwa nje ya hesabu ya herufi, lakini vichwa vyake vinabaki.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi na haina teknolojia yoyote: kulinganisha jioni hizi tatu na mchana wa siku hizohizo. Mpango haugusi mchana. Ikiwa mji mzima umepata pesa na mchana nao umepanda kwa kiwango kilekile, ongezeko la jioni si letu. Jioni ikipanda na mchana ukabaki ulipokuwa, tuna la kusema.

Jumanne

Sehemu ya umiliki. Nimeiandika kabla ya sehemu ya ada, makusudi. Nimekutana na wamiliki wa biashara ambao akaunti zao zilifunguliwa na mshauri kwa barua pepe ya mshauri, wakagombana, na akaunti ikaondoka naye pamoja na maoni ya wateja ya miaka kadhaa.

> Akaunti zote zinabaki kwa barua pepe na namba yako. Sihitaji nywila. Utaniongeza kwenye Meta Business Suite na kwenye wasifu wa Google kama meneja, na siku kazi ikiisha utaniondoa mwenyewe. Nitakuonyesha kitufe hicho siku ya kwanza. Kadi inayolipia matangazo ni yako na risiti zinakuja kwako. Picha na video zote ni mali yako, pamoja na zile ambazo hatukuzitumia.
>
> Tutapima mwishoni mwa wiki ya nane. Ikiwa wastani wa mwezi wa pili haujafika vichwa 17, una haki ya kusitisha bila kulipa mwezi wa tatu.

Kwa nini 17 na si 19, ambayo ndiyo makisio yangu ya mwezi huo? Kwa sababu ya ule mtawanyiko. Mpango unaofanya kazi unaweza kutoa 18 kwa bahati mbaya ya mvua mbili. Ukitoa 16, sina hoja ya kumwomba aendelee.

Nimeongeza pia aya fupi kuhusu maoni ya Google. Mama aliniuliza kama awape wateja kinywaji cha bure wakiandika nyota tano. Kanuni za Google zinakataza kutoa chochote kwa malipo ya maoni, na maoni ya namna hiyo yanaweza kufutwa. Tutaomba kwa mdomo wakati wa kulipa, na kila maoni yatajibiwa ndani ya siku mbili, mabaya kwanza. Barua imetumwa jioni hii, kurasa tatu.

Alhamisi

Barua imerudi ikiwa na kalamu nyekundu. Ameisoma neno kwa neno, jambo ambalo wateja wengi hawalifanyi.

Mabadiliko mawili ni madogo: anataka zawadi ya meza isitolewe kwa kundi linalofika baada ya saa tatu usiku, kwa sababu mpishi anakuwa anafunga, na hataki uso wa mpishi uonekane, mikono tu. Yote sawa.

La tatu ni ada. Amefuta 30 na kuandika pembeni: 24 kila mwezi, na zile 6 za kila mwezi, jumla 18, zilipwe mwishoni ikiwa mwezi wa tatu umefika vichwa 20. Kwa kawaida nakataa malipo ya kutegemea matokeo kwenye migahawa, kwa kuwa matokeo yanategemea vitu nisivyovishika: mpishi akiacha kazi, umeme ukikatika, mhudumu akiwa na kiburi. Lakini hapa kiwango chake ni 20 na si 22, na sehemu inayotegemea matokeo ni moja ya tano tu. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba bili za jioni hizo zipigwe picha na keshia kila usiku na kutumwa kwenye kundi ambalo sisi sote wawili tumo. Anayelipa akiwa ndiye anayehesabu peke yake, mwezi wa tatu utaisha kwa ugomvi hata kama wote ni waaminifu. Kama jikoni kutakuwa na jioni isiyofunguliwa, jioni hiyo inatolewa kwenye wastani.

Nimemwandikia pia kwamba masharti haya mapya yanapunguza pengo lake la miezi mitatu endapo lengo halitafikiwa: analipa bili 126 badala ya 144. Likifikiwa, ni 144 ileile.

Jumamosi

Amesaini. Tunaanza tarehe mosi ya mwezi ujao, na siku zilizobaki kabla ya hapo tunaendelea kukusanya vichwa vya jioni, sasa saa za Google zikiwa zimerekebishwa. Zitanipa kipimo cha pili cha kuanzia, kifupi lakini safi zaidi kuliko kile cha kwanza. Ikiwa wastani umepanda hadi 15 au 16 kwa marekebisho hayo peke yake, nitamwambia, na lengo la kulipwa zile 18 litabaki 20 kama alivyoandika.

Keshia amekaa nami saa moja baada ya chakula cha mchana. Tumefungua WhatsApp Business, tumetengeneza lebo A, B na C, na jibu la haraka la kuthibitisha meza lenye saa, idadi ya watu na jina. Ujumbe wa kwanza wa majaribio, niliojitumia mwenyewe kupitia kiungo B, haukuonyesha herufi yoyote. Mabano yalikuwa yamepotea wakati wa kunakili kiungo kwenye ukurasa wa Google, yakaenda na herufi yake. Tumeyaondoa kabisa na kuandika "meza B" bila mabano. Kimefunguka sawasawa kwenye simu yake na yangu. Jumanne namfundisha kupanga bili kwa jina la mhudumu.